«Se» ya Kihispania: Jinsi neno la kujitenda lilivyogeuka kuwa neno la kutendwa

Wengi kati yetu tunaanza kusoma Kihispania baada ya kujua Kilatini na Kifaransa. Mmoja anataka kumsoma Mtakatifu Tereza wa Avila au Mtakatifu Yohane wa Msalaba katika lugha yao wenyewe. Mwingine amepata barua kutoka kwa wamisionari wa Hispania. Mwingine alisikia lugha hiyo Goma, ambako wanajeshi wa Uruguai walikaa miaka mingi katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mwanzoni kazi yaonekana nyepesi, maana maneno mengi tunayafahamu kwa msaada wa Kilatini. Lakini karibu katika kila ukurasa tunakuta neno dogo «se», na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanajua kwamba «se» ya Kilatini ni «nafsi yake», na «se» ya Kifaransa ni vile vile. Basi wanatia «ji-» kila mahali katika tafsiri yao. Kwa njia hiyo viazi vinajiuza vyenyewe sokoni, na watoto wanajibatiza.

Tunataka kueleza hapa neno hilo limetoka wapi na limepita njia gani. Maana yeye ajuaye njia yake hatahitaji kukariri kanuni nyingi.

I. Sentensi tatu

Tuweke kwanza sentensi tatu mbele yetu.

Ya kwanza: «Juan se lava». Yohane anajiosha. Mwenye kuosha ni Yohane, na mwenye kuoshwa ni Yohane yule yule. Hii ndiyo «se» ya kujitenda, ambayo sarufi huiita refleksivo.

Ya pili: «Se venden papas». Ni maneno yanayoandikwa kwenye kibao cha duka: viazi vinauzwa. Viazi havina mikono wala mapenzi. Kuna mtu anayeviuza, ila hatajwi. Hii ndiyo «se» ya kutendwa, yaani pasivo. Angalieni verbo: «venden» ni ya wingi, kwa sababu viazi ni vingi. Ingekuwa nyumba moja, tungesoma «Se vende casa», kwa umoja. Basi viazi ndivyo vinavyotawala verbo, kama vile katika Kiswahili tunavyosema «viazi vinauzwa», «nyumba inauzwa».

Ya tatu: «Aquí se vive bien». Hapa watu huishi vizuri. Katika sentensi hii hakuna kitu kinachotendwa, maana kuishi si kumtendea mtu neno lolote. Hakuna pia mtu anayetajwa. Verbo yakaa katika umoja siku zote. Hii ndiyo «se» isiyo na mtu, yaani impersonale.

Neno ni moja, kazi ni tatu. Je, ilikuwaje?

II. Kilatini kinapoteza pasivo yake

Katika Kilatini tulichojifunza seminarini mambo yalikuwa wazi. «Lavat se» ni anajiosha. «Lavatur» ni anaoshwa. Kujitenda kulikuwa na «se», kutendwa kulikuwa na mwisho wa «-tur». Tena mwisho ule ule uliweza kusimama bila mtu yeyote: «vivitur», watu huishi, «itur», watu huenda.

Lakini watu wa kawaida, askari, wakulima na wachuuzi, waliacha polepole miisho hiyo katika maneno ya kila siku. Lugha zilizozaliwa na Kilatini, yaani Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromania, hazikurithi «-tur» hata moja. Pengo likabaki, na lugha haziachi pengo wazi. Kihispania kilipata njia mbili za kuliziba. Ya kwanza ni verbo «ser» pamoja na jina la tendo lililokwisha: «la casa es vendida», nyumba inauzwa. Ya pili ndiyo «se».

«Se» iliingiaje mahali pa pasivo? Iliingia kwa mlango wa vitu visivyo na roho. Mtu akisema «la puerta se abre», neno kwa neno ni «mlango unajifungua». Lakini kila msikiaji anajua kwamba mlango hauna mapenzi. Kwa hiyo haelewi kwamba mlango unatenda. Anaelewa tu kwamba unakuwa wazi. Sisi tungesema «mlango unafunguka». Kiswahili kina mwisho wa «-ka» kwa jambo hilo hasa: kufunguka, kuvunjika, kumwagika. Kihispania hakina mwisho kama huo, basi kikatumia «se».

Kutoka hapo hadi pasivo pamebaki hatua moja tu. Tuongeze maneno machache: «La puerta se abre a las seis», mlango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Sasa msikiaji anafikiri: mlango haujui saa, lazima yupo mlinzi mwenye ufunguo. «Se» ni ile ile, mlango ni ule ule, lakini nyuma ya sentensi ameingia mtu asiyetajwa. Kufunguka kumegeuka kuwa kufunguliwa. Hakuna aliyeamua siku moja kubadili sarufi; wasikiaji wenyewe, kwa kuzijua kazi za dunia, walimwona mtu aliyefichwa.

Mfalme Alfonso wa Kumi, aliyetawala Kastilia tangu 1252 hata 1284, aliagiza sheria na historia ziandikwe katika lugha ya nchi badala ya Kilatini. Katika maandiko hayo «se» ya kutendwa imekwisha kuwa jambo la kawaida.

III. Nebriha na mifano yake miwili

Katika mwaka 1492 Antonio de Nebriha, mwalimu mkubwa wa Kilatini, alichapisha huko Salamanka sarufi ya kwanza ya Kikastilia, akamtolea Malkia Isabela. Hakusahau jambo letu. Alieleza kwamba Kikastilia hakina pasivo kama ya Kilatini. Kwamba chasaidiwa na verbo «ser». Na kwamba katika nafsi ya tatu chaweza pia kutumia verbo ya kutenda pamoja na «se». Akatoa mifano miwili: mmoja wa Mungu kupendwa, mwingine wa mali kupendwa.

Tuitazame mifano hiyo miwili polepole, maana ndani yake imo shida yote. Tukitunga sentensi ya namna ile kuhusu mali, «se aman las riquezas», hakuna shaka. Mali haiwezi kujipenda. Basi inapendwa na watu. Lakini tukitunga sentensi ile ile kuhusu Mungu, «se ama Dios», tunasimama njiani. Je, maana yake ni kwamba watu wanampenda Mungu? Au kwamba Mungu anajipenda mwenyewe? Kila mfratri aliyesoma fundisho la Utatu anajua kwamba maneno hayo ya pili ni kweli kabisa, lakini ni fundisho jingine!

Ndiyo sababu njia iliyokuwa salama kwa vitu haikuwa salama kwa wenye roho na akili. Kitu hakiwezi kujitenda, kwa hiyo hakuna shaka. Mtu aweza kujitenda, kwa hiyo shaka yazuka. Na wakiwa wengi, shaka zinakuwa tatu. «Se miran los niños»: watoto wanajitazama (kwa mfano katika kioo), au wanatazamana, au wanatazamwa na wengine?

IV. Herufi moja inaleta dawa

Wahispania walipata dawa ndani ya lugha yao wenyewe. Walikuwa wamezoea kutia «a» mbele ya mtu anayetendwa: «veo la casa», naona nyumba, lakini «veo a Juan», namwona Yohane. Basi tangu miaka ya 1400, na kwa wingi katika miaka ya 1500, walianza kutia «a» hiyo pamoja na «se»: «se ama a Dios», «se mira a los niños».

Tazameni mambo mawili yaliyotokea hapo. Kwanza, maana imekuwa moja tu: Mungu anapendwa, watoto wanatazamwa. Pili, verbo imeacha kufuata watoto. Hatusemi tena «miran» kwa wingi. Tunasema «mira», kwa umoja, ingawa watoto ni wengi. Kwa nini? Kwa sababu chenye «a» mbele yake hakiwezi kutawala verbo. Watoto wamekuwa watendwa kamili, na mahali pa mtawala pamebaki patupu. Mahali hapo patupu ndipo alipozaliwa «mtu fulani», yaani impersonale.

Na hapo «se» ikawa huru kwenda hata kwa verbo zisizo na mtendwa: «se vive», «se va», «se entra». Kwa hiyo baada ya miaka zaidi ya elfu, Kihispania kilipata tena kile ambacho «vivitur» na «itur» zilikifanya, ila kwa chombo kingine. Kwa wakati ule ule, neno la zamani «omne», yaani «mtu», ambalo Wahispania walilitumia kama Wafaransa watumiavyo «on», lilitoweka. Wafaransa walishika njia ya «on», ambayo yatoka katika «homo» ya Kilatini. «Se» yao iliishia katika pasivo. Mfaransa anaweza kusema «le livre se vend», lakini hawezi kusema «il se vit bien ici». Atasema «on vit bien». Hapo ndipo Kifaransa chetu kinapotudanganya katika kusoma Kihispania.

Dawa hii ina mpaka wake. Mtu asiyejulikana ni nani, anayetafutwa kwa kazi yake tu, mara nyingi hapewi «a». Kibao «Se buscan catequistas» ni: wanatafutwa makatekista, yeyote afaaye. Lakini «Se busca a los catequistas» ni: wanatafutwa makatekista wale tunaowajua, labda wamepotea njiani msituni. Padri akisoma tangazo la pili kama la kwanza, atapeleka barua ya kuomba kazi mahali ambapo watu wanalia.

V. Habari ya ubatizo

Tuchukue mfano mmoja wa kazi yetu, tuufuate mpaka mwisho. Katika mwaka 1206 Papa Inosenti wa Tatu alimwandikia Bertoldo, askofu wa Metzi, juu ya Myahudi mmoja ambaye, akiwa karibu kufa na hana Mkristo karibu naye, alijitumbukiza majini akisema kwamba anajibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Papa alijibu kwamba ubatizo huo si ubatizo: anayebatiza na anayebatizwa lazima wawe watu wawili. Aliongeza kwamba kama angalikufa papo hapo, angalikwenda mbinguni kwa ajili ya imani yake katika sakramenti, ingawa si kwa sakramenti yenyewe.

Sasa tuseme habari hiyo kwa Kihispania. Tukiandika tu «se bautizó», hatujasema neno la kutosha, maana Mhispania husema «Juan se bautizó el domingo» kwa mtu aliyepokea ubatizo siku ya Dominika mikononi mwa padri, bila kosa lolote. Ni karibu na kufunguka kwa mlango: jambo limempata, naye amekubali. Ili kueleza tendo la mtu yule wa Metzi lazima tuongeze: «se bautizó a sí mismo», alijibatiza yeye mwenyewe.

Na katika kitabu cha paroko tukisoma «Se bautizaron veinte niños», tunaelewa: watoto 20 walibatizwa. Tukisoma «Se bautizó a veinte niños», ni habari ile ile, lakini verbo i katika umoja, na jicho linaelekea kwa mbatizaji asiyetajwa. Mtafsiri asiyejua historia hii ataandika katika sentensi ya kwanza kwamba watoto 20 «walijibatiza», au «walibatizana». Na msomaji mwenye akili atauliza kama sakramenti hizo ni halali!

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki: jaribu kuongeza «a sí mismo». «Juan se lava a sí mismo» yasimama vizuri. Basi ni kujitenda. «Se venden papas a sí mismas» ni upuzi. Basi ni kutendwa. Kipimo cha pili: tazama verbo. Ikifuata kitu kwa umoja na wingi, ni pasivo. Ikibaki katika umoja ijapokuwa watu wenye «a» ni wengi, au ikiwa verbo haina mtendwa kabisa, ni impersonale. Lakini msishangae mkiona mahali pengine kibao «Se vende papas», kwa umoja. Wenye sarufi wanapendelea «venden». Ila watu wengi wamekwisha kuviona viazi kama mtendwa, na «se» kama «mtu fulani». Ni njia ile ile ya zamani, inayozidi kusonga mbele.

Kuna pia alama moja inayoonyesha kwamba «se» hizi zote zatoka katika shina moja: hazikai mbili pamoja. Mtu akitaka kusema «watu hutubu» kwa verbo «arrepentirse», ambayo ina «se» yake tayari, hawezi kusema «se se arrepiente». Kiti kimekwisha kukaliwa. Atasema «uno se arrepiente», mtu hutubu. Tena tusichanganye na «se» ya «se lo doy», nampa hicho. Hiyo ni mgeni aliyevaa nguo za mwenye nyumba, maana yatoka katika «illi» ya Kilatini, si katika «se».

VI. Njia yetu wenyewe

Yafaa sasa tutazame lugha yetu. Pale Wahispania wana mlango mmoja, sisi tuna minne. Tuna «ji-» ya kujitenda: anajiosha. Tuna «-ka»: mlango unafunguka. Tuna «-wa»: viazi vinauzwa. Na katika masoko ya Masisi na Walikale tunasikia zaidi mlango wa nne, ambao vitabu vya sarufi ya pwani havikuutilia mkazo: «banauzisha viazi», «banauzisha mawese». Hiyo «ba-» si watu tunaowafahamu. Mama akisema «Mutoto banamupiga», hataki kuhesabu wapigaji; anataka kusema mtoto amepigwa. Huku kwetu «-wa» imepungua midomoni, na «ba-» imechukua kazi yake.

Basi Wahispania walipopoteza pasivo yao, walipanua neno «nafsi yake». Sisi, inapofifia yetu, tunapanua neno «wao». Wala si sisi tu. Kimbundu cha Angola kilifuata njia ya «wao» mpaka mwisho, hata leo mtu anaweza kutaja mtenda mmoja baada yake, na sentensi ikawa pasivo kamili. Kihispania nacho kilijaribu zamani kumtaja mtenda baada ya «se» kwa neno «por». Baadaye kikaacha karibu kabisa. Kwa hiyo «viazi vinauzwa na Mama» haitafsiriwi kwa «se». Sema tu kwamba Mama anauza viazi.

Angalieni lakini tofauti moja. «Ba-» yamtoa nje msemaji: mwenye kusema «kule banaishi muzuri» hayumo kati yao. «Se» haimtoi nje. «Aquí se vive bien» aweza kuisema mwenyeji juu yake na jirani zake. Mahali kama hapo tafsiri njema ni «mtu anaishi» au «tunaishi». Kihispania kina pia «wao» inayofanana kabisa na yetu: «a Juan lo bautizaron», Yohane balimubatiza. Nayo, kama yetu, yamwacha msemaji nje.

Basi anayetafsiri akikuta «se», asikimbilie «ji-». Aulize kwanza: je, anayetajwa aweza kujitenda neno hili, na je, mwandishi amesema kwamba alijitenda? Kama sivyo, atafute mtu aliyefichwa nyuma ya sentensi, kisha achague kati ya «-ka», «-wa» na «ba-» ile inayowafaa wasikiaji wake. Msomaji wa Tereza wa Avila aliyeuliza hivyo hatamfanya Mungu ajipende mahali ambapo mtakatifu alitaka tu kusema kwamba watu wampende.